Ulitusikia Wapi? Jibu la Mteja na Dai la Mtandao

Jumatatu asubuhi, ndani ya matatu inayotoka Kiambu kuingia mjini Nairobi, redio inatangaza duka la viatu vya ngozi. Abiria mmoja analisikia jina la duka, halafu simu yake inaita na tangazo linampita. Jumamosi, harusini, anamwona binamu yake amevaa viatu vizuri, anamuuliza kavitoa wapi, na jina lilelile linatajwa. Usiku huo anaperuzi Instagram kitandani, picha ya viatu hivyo inapita chini ya kidole chake, wala haibonyezi. Jumapili jioni anaandika jina la duka kwenye Google, anabonyeza jibu la juu kabisa, ambalo ni tangazo la kulipiwa, anachagua namba 39 na kulipa.

Mauzo ni moja, lakini mwenye duka akifungua ripoti zake kesho yake atayakuta mara mbili. Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, imeiandika oda hiyo kwa jina lake, kwa sababu tangazo lilionekana chini ya saa 24 kabla ya malipo. Google nayo imeiandika, kwa sababu tangazo lake lilibonyezwa. Redio haina pa kuiandikia, na binamu hana ripoti.

Baada ya kulipa, mteja huyo alikuta swali moja kwenye ukurasa wa shukrani: "Ulitusikia wapi kwa mara ya kwanza?" Alibonyeza "Rafiki au ndugu". Hilo nalo si sahihi kabisa, maana redio ilimtangulia binamu kwa siku tano. Ila harusi ndiyo iliyokuwa mbichi kichwani mwake.

Hadithi hii ni ya mfano, lakini inaonyesha tatizo linalowasumbua wenye maduka ya mtandaoni kila mwezi wanapogawa bajeti ya matangazo. Wana hesabu mbili mkononi, na hesabu hizo hazipatani. Moja imetoka kwenye majukwaa yanayouza matangazo, nyingine imetoka kinywani mwa mnunuzi.

Jukwaa linavyohesabu

Duka linapoanza kutangaza, huweka kwenye tovuti yake kipande kidogo cha msimbo kiitwacho pikseli. Mteja akifika kwenye ukurasa wa shukrani, pikseli hutuma habari kwa Meta kwamba tukio la `Purchase` limetokea. Meta hutafuta kama mtu huyo ana akaunti kwake, kisha huangalia nyuma: je, aliwahi kulibonyeza tangazo la duka hili, au kuliona tu?

Kipindi hicho cha kuangalia nyuma ndicho kiini cha hesabu nzima. Kwa mpangilio wa kawaida, Meta hujihesabia oda ikiwa mteja alibonyeza tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, au aliliona bila kubonyeza ndani ya siku 1. TikTok hufuata mpangilio kama huo. Google Ads hurudi nyuma siku 30 tangu tangazo libonyezwe. Hakuna hata moja inayouliza kama mteja angenunua bila tangazo hilo. Kinachotazamwa ni kama tangazo lilikuwepo njiani.

Tena majukwaa haya hayaulizani. Google inaweza kugawanya sifa ya oda moja kati ya matangazo yake kadhaa, lakini haina habari na tangazo la Instagram, na Meta haina habari na lile la Google. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana mwenye duka akijumlisha oda zote zilizodaiwa, mara nyingi hupata idadi kubwa kuliko vifurushi alivyotuma.

Upande wa pili, yapo mauzo ambayo jukwaa halina njia ya kuyaona. Tangazo la redio halina kitu cha kubonyeza. Mtu akimtumia mwenzake kiungo kwa WhatsApp, mara nyingi tovuti haipokei alama yoyote ya mahali mgeni alikotoka, na mfumo humweka kwenye kapu la "Direct", yaani waliokuja wenyewe. Na tangu tarehe 26 Aprili 2021, Apple ilipotoa iOS 14.5, programu za simu za iPhone hulazimika kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji kwenye programu na tovuti za wengine. Wengi walikataa. Mwanzoni mwa 2022 Meta yenyewe ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya mwaka huo kwa takribani dola bilioni 10. Simu nyingi za Afrika Mashariki ni za Android, kwa hiyo pengo hilo ni dogo kwa duka linalouzia Nairobi na Nakuru kuliko kwa duka linalouzia ndugu walioko Uingereza au Marekani. Mahali ambapo ufuatiliaji umekatika, jukwaa hujaza pengo kwa makadirio, na makadirio hayo huingia kwenye ripoti pamoja na oda zilizoonekana.

Swali moja, makosa yake mengi

Hojaji ya baada ya ununuzi haihitaji pikseli. Inamuuliza mtu aliyekwisha kulipa, dakika ileile, na inaweza kutaja redio, binamu au bango sawasawa na Instagram. Lakini chombo chake ni kumbukumbu, na kumbukumbu ina mazoea yake.

La kwanza ni maneno ya swali. "Ulitusikia wapi kwa mara ya kwanza?" na "Umefikaje hapa leo?" ni maswali mawili tofauti. La pili litaleta "Google" nyingi, kwa kuwa ndicho kitendo cha mwisho alichofanya mteja. Duka linaloandika kwa mkato "Umetupataje?" hupata mchanganyiko wa majibu ya maswali yote mawili, bila njia ya kuyatenganisha baadaye.

La pili ni mpangilio wa majibu. Mwaka 1987 watafiti Jon Krosnick na Duane Alwin walionyesha kwamba watu wanaosoma orodha ndefu ya majibu huelekea kuchagua yaliyo juu. Duka lenye "Facebook" kileleni mwa orodha litaisikia Facebook kuliko inavyostahili. Dawa yake ni rahisi: mfumo uchanganye majibu upya kwa kila mteja, na "Nyingine" ibaki chini siku zote, ikiwa na nafasi ya kuandika.

La tatu ni jibu lisilo na maana. Neno "Mtandaoni" halimsaidii mwenye duka kuamua lolote. Hata "Instagram" peke yake haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa tangazo la kulipiwa, ukurasa wa duka wenyewe, au mtu maarufu aliyeonyesha viatu bila kulipwa. Anayechagua Instagram anapaswa kuulizwa swali la pili lenye majibu hayo matatu.

La nne ni kubahatisha. Mteja mwenye haraka hubonyeza chochote ili ukurasa upite. Wapo wauzaji wanaopima jambo hili kwa mtego mdogo. Wanaweka kwenye orodha njia ambayo hawajawahi kuitumia, kwa mfano bango la barabarani. Kila anayeichagua ama amekosea au amebahatisha, na idadi yao inaonyesha ni kiasi gani cha majibu ya njia nyingine nayo ni bahati nasibu.

Duka moja, mwezi mmoja

Tofauti ya hesabu hizi huonekana vizuri zikiwekwa pamoja. Tulichukue lile duka la viatu, kwa tarakimu za mfano. Kwa mwezi mmoja limeuza oda 500, ambapo 300 ni za wateja wapya na 200 ni za waliowahi kununua. Swali la hojaji wanaulizwa wapya peke yao, kwa kuwa mteja wa miaka miwili hakumbuki alikolisikia duka, na bajeti ya mwezi huu siyo iliyomleta. Kati ya wale 300, wamejibu 180. Ili kupata makadirio ya wateja wote wapya, kila jibu linazidishwa kwa 300 na kugawanywa kwa 180.

| Njia | Oda zilizodaiwa na jukwaa | Majibu ya hojaji | Makadirio ya wateja wapya |
|---|---|---|---|
| Facebook na Instagram | 260 | 45 | 75 |
| Google | 230 | 27 | 45 |
| TikTok | 70 | 18 | 30 |
| Redio | – | 27 | 45 |
| Rafiki au ndugu | – | 54 | 90 |
| Bango au nyingine | – | 9 | 15 |
| Jumla | 560 | 180 | 300 |

Majukwaa matatu yamedai oda 560 kwa duka lililouza 500. Mwenye duka anaweza kushtuka na kuitupa ripoti nzima ya majukwaa, lakini ni mapema mno. Safu hizi mbili hazihesabu kitu kimoja. Meta na Google zimeweka ndani wateja wa zamani, na mteja wa zamani akiandika jina la duka kwenye Google na kubonyeza tangazo, Google humhesabu kama mwingine yeyote. Kabla ya kulinganisha, inabidi kuwatoa wale 200.

Tazama sasa gharama. Duka lilitumia shilingi 90,000 za Kenya kwa Google na 60,000 kwa redio. Ukifuata ripoti ya Google, kila oda iligharimu takribani shilingi 391, bei nzuri kuliko zote. Ukifuata hojaji, kila mteja mpya aliyeisikia habari ya duka kupitia Google aligharimu shilingi 2,000, na wa redio shilingi 1,333. Njia iliyokuwa ya kwanza imepitwa na njia ambayo ripoti za majukwaa hazikuitaja kabisa.

Lakini hojaji nayo isibebe uzito usio wake. Majibu 27 kati ya 180 ni asilimia 15, na kwa sampuli ya ukubwa huo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na 20 hivi. Maana yake, wateja wa redio wanaweza kuwa 30 au 60. Hapo bado hatujawagusa wale 120 ambao hawakujibu, na hakuna anayejua kama wanafanana na waliojibu. Katika majibu 9 ya mstari wa mwisho, 4 yalichagua bango ambalo duka halijawahi kulipia. Ni asilimia 2 tu, kiwango kidogo cha kubahatisha, kwa hiyo redio yenye 27 haielezeki kwa bahati peke yake.

Mahali hesabu mbili zinapokutana

Wengi huishia kwenye jedwali kama hilo, wakabishana ni safu gani ya kuamini. Faida kubwa zaidi iko hatua moja mbele: kuziweka hesabu zote mbili kwenye oda moja moja. Kwa hilo, kila kiungo ambacho duka linakiweka kwenye tangazo kinapaswa kubeba alama yake, namna hii:

```
https://duka.example/viatu?utm_source=instagram&utm_medium=paid&utm_campaign=idi
```

Mteja akiingia kwa kiungo hicho, tovuti huihifadhi alama na kuiandika kwenye oda. Google Ads huongeza alama yake yenyewe, `gclid`. Oda inapokamilika, mstari mmoja wa lahajedwali unakuwa na mambo mawili: mlango wa mwisho aliopitia mteja, na jibu lake kwenye hojaji.

Kati ya wateja 180 waliojibu, tuseme 80 walipita mlango wa mwisho wa Google. Mwenye duka anachambua majibu ya hao 80 pekee. Wanaosema walilisikia duka kwa mara ya kwanza kupitia Google ni 22. Rafiki au ndugu, 25. Redio, 19. Instagram na Facebook, 9. Waliobaki 5 wametaja njia nyingine. Watu 58 kati ya 80 walifika Google wakiwa tayari wanalijua duka.

Hapo mgogoro unaanza kueleweka. Hojaji inamweleza mwenye duka nani alimletea mteja habari, na jukwaa linamweleza mteja alipita mlango gani kuingia. Google haikudanganya kuhusu mlango, na yule abiria wa matatu hakudanganya kuhusu binamu. Kosa ni kulipa mlango malipo ya mleta habari.

Hatua inayofuata ni kufungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa ndani ya Google Ads. Kama wengi wa watu hao waliandika jina la duka lenyewe, duka linalipia kila mbonyezo wa watu waliokuwa wakija kwake. Kama waliandika "viatu vya ngozi Nairobi", hadithi ni nyingine. Hao walikuwa hawana duka akilini, na tangazo la Google lilifanya kazi ya kuwatafuta. Aina hizi mbili za matangazo zikiachwa kwenye kapu moja, ile ya kwanza huifanya ya pili ionekane rahisi kuliko ilivyo.

eBay ilipozima matangazo

Hata baada ya uchambuzi huo, swali kuu halijajibiwa: wale watu wangenunua bila tangazo? Hojaji haiwezi kulijibu, wala ripoti ya kawaida ya jukwaa. Linajibiwa kwa kuzima tangazo na kuona kinachotokea.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa eBay. Mwezi Machi 2012, kampuni hiyo ya Marekani iliacha kulipia matangazo ya neno "eBay" na yanayofanana nalo kwenye Yahoo na MSN, huku ikiendelea kwenye Google ili iwe na cha kulinganisha. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, waliochapisha matokeo katika jarida la Econometrica mwaka 2015, waligundua kwamba asilimia 99.5 ya mibonyezo iliyopotea kwenye matangazo ilirudi kupitia matokeo ya kawaida ya utafutaji, yasiyolipiwa. Mtu aliyeandika "eBay" alikuwa anakwenda eBay, na aliposhindwa kuona tangazo alibonyeza mstari wa chini yake.

Duka dogo halina umaarufu huo. Huenda mshindani akalipia nafasi ya juu kwa jina lake, na baadhi ya wateja wakapotea. Ndiyo maana inafaa kupima badala ya kuiga eBay. Duka letu la mfano huuza takribani oda 233 kwa siku 14. Tuseme, kati ya oda 230 ambazo Google inadai kwa mwezi, 150 zilitoka kwa watu walioandika jina la duka. Kama dai hilo ni kweli kabisa, kuzima matangazo ya jina kwa wiki mbili kutashusha oda hadi karibu 163. Kama hali ni ya eBay, zitabaki palepale.

Hesabu ya jaribio isisomwe kwenye ripoti ya jukwaa lolote. Isomwe kwenye malipo yaliyoingia. Mwenye duka achague pia wiki zisizo na sikukuu, mwisho wa mwezi au punguzo la bei, na asibadilishe kitu kingine katikati. Kwa duka la ukubwa huu, oda za wiki mbili hupanda na kushuka kwa 30 hivi bila sababu yoyote. Kushuka kwa oda 70 kutaonekana wazi, lakini kushuka kwa 15 hakutofautiki na wiki mbaya ya kawaida. Jaribio la aina hii hupima madai makubwa tu.

Redio hupimwa kwa njia nyingine. Tangazo likirushwa na kituo kinachosikika Mombasa na si Nakuru, mwenye duka hulinganisha oda za miji hiyo miwili kabla na baada. Hojaji inasaidia hapa kwa namna yake: jibu la "redio" likipanda Mombasa peke yake, kumbukumbu za wateja zinaaminika. Likipanda Nakuru pia, watu wanabahatisha.

M-Pesa na WhatsApp

Vitabu vingi vya biashara ya mtandaoni vinadhani mteja hulipa kwa kadi, kisha hufika kwenye ukurasa wa shukrani. Kenya na Tanzania mambo huenda tofauti. Mteja wa M-Pesa huletewa dirisha la kuweka namba ya siri, hupokea ujumbe wa kuthibitisha malipo, na wengi hufunga simu hapohapo. Hakurudi kwenye tovuti, kwa hiyo ukurasa wa shukrani haukufunguka. Pikseli haikutuma kitu, na swali halikuulizwa. Oda moja imepotea kwenye hesabu zote mbili kwa sababu ileile, na zikipatana siku hiyo, zimepatana kwenye kosa. Duka hugundua hali hii likilinganisha idadi ya malipo ya M-Pesa na idadi ya matukio ya `Purchase`. Pengo likiwa kubwa, habari ya malipo inabidi itumwe kwa Meta kutoka kwenye seva ya duka, na swali litumwe kwa ujumbe pamoja na risiti.

Mauzo ya WhatsApp yana shida yake. Tangazo la Instagram linaloelekeza watu WhatsApp huripoti idadi ya mazungumzo yaliyoanzishwa. Nani kati yao alinunua, Meta haina habari isipoambiwa. Hapo hojaji inakuwa mtu mwenye daftari. Muuza duka anapokwisha kuthibitisha malipo, huandika: "Asante sana dada, nimepokea. Kabla sijafunga mzigo, ulitusikia wapi mara ya kwanza?"

Majibu ya namna hii huja bila kufuata orodha. Mmoja anaandika "niliona kwa status ya dada yangu", mwingine "kuna mtu alivaa ofisini", mwingine anatuma picha ya skrini ya tangazo lenyewe. Muuzaji mwenye haraka huyaingiza yote kwenye "WhatsApp", kwa kuwa ndiko yalikotokea. Anayejua kazi huandika maneno ya mteja kama yalivyo, anaacha safu ya pembeni wazi, na mwisho wa mwezi anakaa na kuyapanga: la kwanza na la pili kwa ndugu na marafiki, la tatu kwa tangazo la kulipia.